Tahajia mbili za jina zisimnyime mtoto cheti cha kuzaliwa

Kila muhula wa shule unapoanza, afisi za usajili wa vizazi na vifo hufurika wazazi ambao watoto wao walizaliwa miaka mingi iliyopita na hawana cheti cha kuzaliwa. Wengi huja na bahasha iliyojaa karatasi, nao hurudi nyumbani mikono mitupu. Sababu wanayopewa mara nyingi si kwamba karatasi hizo ni chache, bali kwamba jina la mtoto limeandikwa hivi katika kadi ya kliniki, na vile katika kadi ya ubatizo. Huambiwa waende "wakarekebishe kadi", kisha ndipo warudi.

Agizo hilo, kwa maoni yangu, ni potovu, na limewatia wazazi wengi katika matatizo makubwa kuliko yale waliyokuwa nayo.

Sheria ya Usajili wa Vizazi na Vifo, Sura ya 149, inataka mtoto asajiliwe ndani ya miezi 6 tangu azaliwe. Muda huo ukipita, mzazi hajapoteza haki. Anachotakiwa ni kujaza maombi ya usajili uliochelewa, kulipa ada na kuleta ushahidi. Hapo ndipo kadi ya kliniki na ya ubatizo zinapoingia. Nazo huletwa kama mashahidi, na shahidi hahukumiwi kwa herufi moja iliyozidi au iliyopungua, iwapo mengine yote anayosema yanaoana.

Tuchukue mfano wa mtoto wa kike aliyezaliwa nyumbani, katika kaunti ya Bungoma, tarehe 14 Aprili 2015, wakati wa kupanda. Kwa kuwa ni Wabukusu, wazazi walimwita Nakhumicha, jina la msichana aliyezaliwa msimu huo. Siku mbili baadaye mama alimpeleka zahanati, na muuguzi, ambaye si mwenyeji wa huko, akaandika alivyosikia: Kathrine Nakumicha. Mwezi wa Desemba mwaka huo huo mtoto alibatizwa, na katekista aliyeijua lugha akaandika Catherine Nakhumicha Wekesa. Shuleni, mwalimu aliandika Catherine Nakumicha Wekesa. Sasa mtoto yuko Gredi ya 5, hana cheti, na majina yake ni matatu.

Karani anayeijua kazi yake huanza na tarehe. Kadi ya kliniki itaonyesha kwamba chanjo ya kifua kikuu ilitolewa tarehe 16 Aprili, ya wiki 6 mwishoni mwa Mei, ya wiki 10 mwezi wa Juni, ya wiki 14 mwezi wa Julai, na ya ukambi Januari 2016, mtoto alipotimiza miezi 9. Safu hiyo ya tarehe, iliyoandikwa na mikono tofauti na kwa wino tofauti, ni vigumu mno kubuniwa. Kadi ya ubatizo nayo inataja tarehe ile ile ya kuzaliwa, na jina la mama na la baba. Karatasi mbili zilizoandikwa na watu wasiojuana, katika miezi tofauti, zinakubaliana kuhusu siku, mahali na wazazi. Je, ni nani atakayedai kwamba Kathrine na Catherine hawa ni watoto wawili?

Basi tazama mzazi anavyoponzwa na lile agizo la kurekebisha kadi. Atarudi zahanati na kuomba kijitabu kipya, ambacho kitajazwa chanjo zote siku moja, kwa kalamu moja na mwandiko mmoja. Au atachukua wembe na kukwangua herufi. Karatasi iliyokuwa shahidi wa kweli imegeuka kuwa karatasi ya kutiliwa shaka, na afisa anayefuata atakuwa na haki ya kuikataa. Kadi ya kliniki isiguswe kamwe.

Kuhusu ubatizo, ni vyema kujua kwamba kadi aliyo nayo mzazi ni nakala tu. Asili yake imo katika kitabu cha ubatizo cha parokia. Mara nyingine kosa limo katika kadi wala si katika kitabu. Kabla ya kuhangaika, mzazi amwombe padri akifungue kitabu hicho na kumpa cheti kilichonakiliwa kutoka humo.

Tofauti inayobaki baada ya hapo hutibiwa kwa hati ya kiapo. Mzazi huapa mbele ya wakili aliye kamishna wa viapo, au mbele ya hakimu. Hati hiyo iandikwe kikamilifu: itaje kila tahajia na karatasi ilimo, ieleze tofauti ilivyotokea, itamke kwamba majina hayo yote ni ya mtoto mmoja, kisha iseme ni tahajia ipi mzazi anaomba iingizwe katika sajili. Nakala za karatasi zote ziambatishwe. Hati inayosema tu kwamba "kulikuwa na makosa ya jina" haimsaidii karani yeyote.

Hata hivyo, kiapo kina mipaka. Kinaeleza herufi, hakiwezi kufuta tarehe mbili za kuzaliwa, wala kumbadilisha baba. Ikiwa kadi moja inasema 2015 na nyingine 2013, au jina la mzazi ni la mtu mwingine kabisa, hilo si suala la tahajia, na afisa anapodai ushahidi zaidi hatakuwa anamwonea mtu. Isitoshe, kuapa uongo ni kosa la jinai.

Limebaki swali gumu: ni tahajia ipi ichaguliwe? Majina ya wazazi yafuate vitambulisho vyao, herufi kwa herufi. La mtoto lategemea amefika wapi shuleni. Kama tayari ana cheti cha mtihani wa kitaifa, ni busara kufuata kilivyoandikwa, kwani hicho ni kigumu kubadilisha. Lakini binti yetu wa Gredi ya 5 bado hajafika huko. Wazazi wake wako huru kuandika Nakhumicha jinsi linavyotamkwa kwao, na mwalimu mkuu akarekebisha daftari la shule kulingana na cheti, kabla ya mtoto kuandikishwa kwa mtihani.

Mzazi asitie sahihi kabla ya kusoma kila herufi katika fomu. Sheria humruhusu kubadilisha jina la mtoto katika sajili ndani ya miaka 2 tangu usajili, kwa ada na ushahidi. Baada ya hapo, njia iliyopo ya kulibadilisha ni hati rasmi ya kubadili jina, inayosajiliwa na kutangazwa katika Gazeti Rasmi la Serikali. Kosa la karani la kunakili lina njia yake ya kusahihishwa, lakini ni lazima mzazi aweze kuonyesha kwamba fomu aliyoitia sahihi ilikuwa na jina sahihi. Kwa hiyo abaki na nakala yake.

Wakuu wa usajili, kwa upande wao, wawaelekeze makarani wao kwa maandishi kwamba tofauti ya tahajia pekee, pale ambapo tarehe na wazazi wanaoana, itatuliwe kwa kiapo na wala si kwa kumfukuza mwombaji. Na wauguzi waombe kitambulisho cha mama kabla ya kuandika jina la ukoo, na wamwombe awatajie jina la mtoto herufi baada ya herufi. Kazi hiyo haichukui hata dakika 1, nayo ingemwepusha mama wa Bungoma na safari nyingi za kwenda mjini kwa ajili ya herufi moja.