Bei ya simba anayenguruma kwenye skrini

Zawadi ya laivu kwenye TikTok ni emoji yenye mwendo ambayo mtazamaji huinunua na kumtumia mtu anayerusha matangazo papo hapo. Zawadi ndogo, kama ua la Rose, hupita pembeni mwa skrini pamoja na jina la mtumaji, na akiligusa ua hilo mara nyingi mfululizo idadi yake huhesabiwa hapo hapo. Zawadi kubwa hutanda skrini nzima kwa sekunde kadhaa: Galaxy humwaga nyota, na Lion huwa simba anayenguruma. Mwenye laivu hulitaja jina la mtumaji na kumshukuru, na watu wote waliopo husikia. Huko kutajwa mbele ya hadhira ndiko mtumaji anakonunua.

Picha hizo hazina bei ya shilingi. Zina bei ya sarafu, na sarafu hununuliwa mapema, jambo linalofanya gharama isahaulike wakati wa kutuma. Rose ni sarafu 1, Galaxy ni sarafu 1,000, na Lion ni sarafu 29,999. Kwenye tovuti ya TikTok, sarafu moja hugharimu takriban senti 1.05 ya dola. Ikinunuliwa ndani ya programu ya simu huwa ghali zaidi, kwa kuwa duka la Google au la Apple hutoza fungu lake, ambalo laweza kufika asilimia 30.

Chukua mtazamaji wa Kabiria, upande wa Riruta jijini Nairobi, anayetaka kumsaidia mchekeshaji anayemfuata kwa kumtumia Galaxy moja. Dola ikihesabiwa kwa shilingi 129, sarafu 1,000 za tovutini zitamgharimu kama shilingi 1,350. Kwa mchekeshaji zawadi hiyo haifiki kama sarafu, bali kama almasi, na kwa kawaida kila almasi huwa na thamani ya nusu senti ya dola. Almasi 1,000 basi ni dola 5, yaani shilingi 645. Zaidi ya nusu ya pesa imebaki njiani, na kutoa fedha huweza kuwa na ada zake, kwa mfano zikipitia PayPal kabla ya kuingia M-Pesa. Kwa hesabu hiyo hiyo, simba mmoja humtoa mtumaji zaidi ya shilingi 40,000, na mpokeaji hupata karibu 19,000.

Mwaka 2022 shirika la BBC lilijaribu jambo hili kwa kutuma zawadi za dola 106 kwa akaunti yake lenyewe. Zilizofika ni dola 33. TikTok ilisema inachukua chini ya asilimia 70. Mtazamaji huyo wa Kabiria angemtumia mchekeshaji shilingi 1,350 moja kwa moja kwa M-Pesa, ada ingekuwa shilingi 23 tu. Lakini nyota zisingemwagika, na jina lake lisingetajwa bila kuombwa. Wengi huona jambo hilo lina thamani, na ni haki yao, mradi wanajua bei yake.

Gharama hupanda zaidi kwenye pambano, ambapo watu wawili wenye laivu hugawana skrini kwa dakika chache na kila sarafu inayotumwa huwa pointi. Ubao huonyesha anayeongoza, na mashabiki huvutana. Sekunde za mwisho ndizo hatari kwa mfuko: anayeshindwa kwa pointi chache huomba msaada, na anayetuma huwa na muda wa kubonyeza bila muda wa kuhesabu. Zawadi iliyotumwa hairudishwi. Namna nzuri ya kujilinda ni kununua kiasi kidogo kabla ya pambano kuanza na kutoongeza katikati. Watu wanaouza sarafu za bei nafuu kwa WhatsApp na kuomba nywila ya akaunti ni wa kuepukwa kabisa, kwa kuwa anayewapa nywila huwapa akaunti yenyewe.

Kutuma na kupokea zawadi kunaruhusiwa kwa waliotimiza miaka 18 pekee, lakini kanuni hiyo huvunjwa. Machi 2025 BBC iliripoti kwamba vijana nchini Kenya, wakiwemo watoto, walikuwa wakifanya laivu zenye maudhui ya ngono na kulipwa kwa emoji hizi. Mzazi anayeona sarafu zikinunuliwa kwa M-Pesa yake, au almasi zikijikusanya kwenye akaunti ya mtoto, ana sababu ya kuuliza maswali mara moja.

Kwa watu wazima wanaoishi kwa kufanya laivu, mapato ya zawadi hutozwa kodi. Tangu Sheria ya Fedha ya 2023, malipo ya maudhui ya kidijitali kwa mkazi wa Kenya hukatwa kodi ya zuio ya asilimia 5.