Picha ya jicho iliyofika nusu: namna ya kuituma kwenye hifadhi ya wingu bila kuipoteza

Mgonjwa wa kisukari hushauriwa kupigwa picha ya retina mara moja kwa mwaka, hata kama anaona vizuri, kwa sababu ugonjwa wa retina unaoletwa na kisukari huanza kimya. Dalili zake za mwanzo ni vivimbe vidogo sana vya mishipa ya damu, vinavyoonekana pichani kama nukta nyekundu. Kamera ya kupiga picha hiyo inaweza kutumiwa na muuguzi aliyefunzwa, lakini daktari wa macho anayeisoma mara nyingi yuko katika hospitali nyingine, pengine mkoa mwingine. Kati ya wawili hao husimama kompyuta moja ya kliniki, mtandao usiotabirika, na programu fupi, yaani skripti, inayochukua picha na kuipakia kwenye hifadhi ya wingu.

Tuchukue mfano wa kliniki ya namna hiyo. Kamera hutoa picha kubwa yenye jina la mgonjwa pembeni. Skripti ya kwanza hukata ukingo wenye jina, hupunguza upana wa picha hadi pikseli 2,000, kisha huihifadhi kama JPEG kwenye folda ya kutumwa, ikiwa na namba ya siri badala ya jina. Skripti ya pili huiangalia folda hiyo kila baada ya muda mfupi na kupakia kila inachokikuta. Siku moja msomaji wa picha anafungua picha ya jicho la kushoto na kukuta nusu ya juu ni retina na nusu ya chini ni kijivu kitupu. Kumbukumbu za skripti zinasema upakiaji ulifaulu, bila hitilafu yoyote.

Lawama hupelekwa kwanza kwa mtandao, na kwa kawaida lawama hiyo si ya haki. Hifadhi za wingu za aina ya S3 haziweki faili nusu: mawasiliano yakikatika katikati, faili haionekani kabisa upande wa pili, na jibu la kufaulu hutolewa pale tu baiti zote zilizoahidiwa zimepokelewa. Kosa lilitokea ndani ya chumba kilekile cha kliniki. Picha nzima ilikuwa ya baiti 842,137. Skripti ya pili iliifungua wakati ya kwanza ingali inaiandika diskini, ikakuta baiti 393,216, ikazipakia zote kwa uaminifu. Wingu likapokea 393,216 na kujibu kwamba limezipata. Hata skripti ingelinganisha ukubwa wa faili iliyoisoma na ule uliofika, namba mbili zingelingana, kwa kuwa pande zote mbili zilishika nusu ileile.

Picha yenye kijivu, angalau, hujitangaza. Iliyo hatari zaidi ni JPEG ya aina inayojengwa kwa hatua, ambayo huanza na sura hafifu ya picha yote kisha huongeza undani kidogokidogo. Ikikatwa katikati huonekana nzima, ila imefifia kidogo, kama iliyopigwa na mkono uliotikisika. Nukta nyekundu ndogo ndizo zinazotangulia kupotea. Msomaji aliyechoka anaweza kuandika kwamba retina haina dalili, na mgonjwa akaambiwa arudi mwakani.

Tiba ya kosa hilo ni kuizuia skripti ya pili isilione faili kabla halijakamilika. Skripti ya kwanza huandika kwa jina la muda, huhakikisha kwamba data imeshuka diskini, ndipo hulibadilisha jina:

```python
muda = lengo + ".part"
with open(muda, "wb") as f:
    f.write(data)
    f.flush()
    os.fsync(f.fileno())
os.replace(muda, lengo)
```

Skripti ya pili nayo huambiwa iguse majina yanayoishia na `.jpg` pekee. Kubadilisha jina ndani ya diski ileile ni tendo la mara moja. Hakuna wakati ambapo jina jipya linaelekea kwenye nusu ya faili. Mstari wenye `os.fsync` huonekana kama mapambo hadi siku umeme ukatike. Bila mstari huo, kompyuta inaweza kuwaka tena ikiwa na jina sahihi juu ya faili tupu, kwa sababu jina lilishahifadhiwa na data ilikuwa bado kwenye kumbukumbu ya muda.

Hapo ukubwa wa faili unakuwa na maana, kwa sharti moja: namba ya kulinganishia itoke kwa aliyeitengeneza picha, siyo kwa anayeisafirisha. Skripti ya kwanza inajua kwamba imetengeneza baiti 842,137. Iiandike namba hiyo kwenye rejista yake, na skripti ya pili ilinganishe nayo mara mbili: kabla ya kupakia, kwa faili lililo diskini, na baada ya kupakia, kwa kuliuliza wingu lenyewe limeshika baiti ngapi.

Kuna kipimo kingine kilicho rahisi zaidi, nacho ni mipaka ya chini na ya juu. Tuseme kliniki hii imeona kwa majuma kadhaa kwamba picha zake zilizochakatwa huwa kati ya baiti 400,000 na 1,500,000. Faili la baiti 0 maana yake kwa kawaida ni diski iliyojaa. Faili la baiti 60,000 huweza kuwa zima kabisa kama faili, lakini ni picha karibu yote nyeusi, kwa kuwa JPEG hubana weusi mtupu hadi kuwa kitu kidogo mno: mgonjwa alifumba jicho, au mboni haikupanuka vya kutosha. Muuguzi akijulishwa papo hapo, picha hurudiwa kabla mgonjwa hajaondoka kwenye kiti. Mpaka wa juu una kazi nyeti zaidi. Faili la baiti 6,000,000 katika folda hiyo huenda ni picha ghafi iliyopita bila kuchakatwa, ikiwa bado na jina la mgonjwa pembeni. Hiyo isitumwe hata kidogo. Iwekwe kando ikaguliwe na mtu. Mipaka hii kila kliniki ijipimie yenyewe, kwani kamera nyingine na kiwango kingine cha ubanaji huleta namba tofauti.

Baada ya hayo ndipo mtandao unapostahili kuangaliwa. Kwa kasi ya megabiti 1 kwa sekunde, picha yetu huchukua kama sekunde 7 kufika, na sekunde 7 zinatosha kwa mawasiliano kukatika. Skripti inapaswa kujaribu tena, lakini isijaribu mfululizo kama mtu anayegonga mlango bila kupumua:

```python
for n in range(1, 7):
    try:
        s3.put_object(Bucket=hifadhi, Key=jina, Body=data)
        r = s3.head_object(Bucket=hifadhi, Key=jina)
        if r["ContentLength"] == ukubwa:
            return True
    except ClientError as e:
        hali = e.response["ResponseMetadata"]["HTTPStatusCode"]
        if hali < 500:
            raise
    except BotoCoreError:
        pass
    if n < 6:
        time.sleep(random.uniform(0, 2 ** n))
return False
```

Majaribio ni 6. Kikomo cha kusubiri huongezeka maradufu kila mara: sekunde 2, 4, 8, 16, kisha 32. Muda wenyewe huchaguliwa kwa bahati ndani ya kikomo hicho, na bahati hiyo ina sababu. Umeme unaporudi wilayani, kompyuta za zahanati kadhaa huwaka kwa pamoja. Zikisubiri muda uleule, zitagombania laini ileile kwa pamoja, zishindwe, kisha zirudi tena kwa pamoja.

Si kila kosa linastahili kurudiwa. Kukatika kwa mawasiliano, na majibu ya seva yanayoanzia 500, hupita yenyewe. Jibu la 403 maana yake ni kwamba seva imekataa, nayo itaendelea kukataa hata ikiombwa mara mia. Hapa kuna mtego unaowapotezea mafundi siku nzima: ufunguo ni sahihi, ruhusa zipo, jana kazi ilikwenda vizuri, na leo kila kitu ni 403. Ndani ya jibu huwa na neno `RequestTimeTooSkewed`. Saa ya kompyuta imepishana na ya seva kwa zaidi ya dakika 15, pengine kwa sababu betri ndogo ya ubao mkuu imekufa na saa imerudi nyuma baada ya umeme kukatika. Dawa ni kurekebisha saa na kubadilisha betri. Skripti haina ugonjwa.

Jambo moja kuhusu kurudia husahaulika. Wakati mwingine picha hufika, lakini jibu la seva ndilo linalopotea njiani. Skripti, isiyojua, hupakia tena. Jina likiwa lilelile, nakala ya pili huifunika ya kwanza na hakuna madhara. Lakini ikiwa mtu amepachika saa ya kupakia ndani ya jina, msomaji atakuta picha mbili za jicho moja na huenda akazihesabu kuwa ziara mbili, au jicho la kulia na la kushoto. Jina lifungwe pale picha inapotengenezwa, lisiguswe tena.

Majaribio 6 yakiisha, faili hubaki kwenye folda na kusubiri mzunguko unaofuata, hata kama mtandao utarudi kesho asubuhi. Nakala ya diskini isifutwe kwa sababu tu `put_object` haikulalamika. Ifutwe baada ya `head_object` kurudisha namba iliyo kwenye rejista. Kwa muuguzi, yote haya yanaweza kuonekana katika mistari mitatu mwisho wa siku: picha zilizopigwa, zilizothibitishwa kufika, na zilizowekwa kando. Namba mbili za mwisho zikijumlishwa bila kufikia ya kwanza, kuna picha bado njiani, na mgonjwa anayeuliza majibu aambiwe hivyo, asiambiwe kwamba daktari bado hajasoma.

Ukubwa una mipaka yake. Faili mbili za baiti 842,137 zinaweza kutofautiana ndani. Ndiyo maana `put_object` inaweza kuongezewa `ChecksumAlgorithm="SHA256"`, ili seva ikokotoe alama ya data iliyopokea na kuikataa isipolingana na iliyotumwa. Hata hivyo, hakuna kati ya vipimo hivi kinachoweza kugundua picha ya jicho la kulia iliyoandikwa kuwa la kushoto. Hiyo huonekana kwa macho tu: diski ya neva ya macho hukaa upande wa pua, kwa hiyo katika picha ya kawaida ya jicho la kulia huwa kuliani, na katika ya kushoto huwa kushotoni.