Lang'ata Iliyopotea Kwenye Faharasa

Karani wa kampuni ya kusafirisha vifurushi jijini Nairobi anaandika Lang'ata kwenye kisanduku cha kutafutia mtaa. Mfumo unamjibu kuwa hakuna mtaa wa jina hilo. Anauongeza, mfumo unaupokea bila kulalamika, na kazi inaendelea. Siku ya kufunga hesabu ndipo inapogundulika kuwa Lang'ata zimo mbili, kila moja na namba yake, na vifurushi vimegawanyika kati yake. Haya yanatokea kwenye jedwali ambalo fundi alikwisha kuliwekea sharti kwamba jina la mtaa lisijirudie.

Karani huyu ni wa mfano, lakini tatizo lenyewe ni la kweli na limewapata watunzaji wengi wa kanzidata za PostgreSQL tangu mwaka 2018. Diski ni nzima, programu ni ileile, na hakuna aliyeingilia mfumo. Kilichobadilika ni mfumo endeshi tu. Seva ilikuwa ikitumia Ubuntu 18.04, ikapandishwa hadi Ubuntu 20.04, ikawashwa, na kila kitu kikaonekana kuwa sawa.

Ili kuelewa kilichotokea, ni lazima kujua nani anayeamua neno lipi litangulie lingine. Watu wengi hudhani ni kanzidata yenyewe. Kwa kawaida, PostgreSQL kwenye Linux haiamui. Inapotaka kulinganisha maneno mawili huuliza glibc, maktaba ya msimbo ambayo karibu kila programu ya Linux huitegemea. Ndani ya glibc mna kanuni za kupanga maneno kwa kila lugha na nchi, na kwenye seva nyingi kanuni iliyochaguliwa huitwa `en_US.UTF-8`. PostgreSQL hupokea jibu na kulifuata, ikiamini kwamba jibu la leo ndilo litakalotolewa kesho.

Tarehe 1 Agosti 2018 likatoka toleo la glibc 2.28. Wahusika walisahihisha data za kupanga maneno ili ziendane na toleo jipya la kiwango cha kimataifa, ISO 14651. Data za zamani zilikuwa zimepitwa na wakati, kwa hiyo kazi hiyo ilistahili kufanywa. Lakini mpangilio ulibadilika katika jambo la kila siku, yaani alama zinazokaa katikati ya herufi. Zamani kistariakifupi na kidokezo cha ng' vilirukwa kana kwamba havipo, vikazingatiwa mwishoni tu kama maneno yamelingana. Sasa vinahesabiwa pale pale vilipo, na vinatangulia tarakimu na herufi.

Amri moja inatosha kuonyesha tofauti hiyo kwenye mashine yoyote yenye kanuni hiyo:

```
( echo "1-1"; echo "11" ) | LC_COLLATE=en_US.UTF-8 sort
```

Ubuntu 18.04, yenye glibc 2.27, huweka 11 juu na 1-1 chini. Ubuntu 20.04, yenye glibc 2.31, hugeuza. Ndivyo ilivyo pia kwa anayetoka Debian 9 kwenda Debian 10, au Red Hat 7 kwenda Red Hat 8, kwa sababu safari zote hizo huvuka mpaka wa 2.28.

Kama ni kupanga orodha ya kusomwa na watu, badiliko hilo lisingemuumiza mtu. Tatizo ni faharasa. Kanzidata haisomi jedwali zima kila inapoulizwa swali. Huwa na orodha ya pembeni iliyokwisha kupangwa, na hutafuta humo kama mtu anavyotafuta neno kwenye kamusi: anafungua katikati, anaangalia kama neno lake liko mbele au nyuma, anaruka, anafungua tena. Njia hii ni ya haraka mno, lakini inategemea jambo moja, kwamba aliyeipanga orodha na anayeitafuta wanafuata kanuni ileile. Seva inapopandishwa, faharasa hubaki diskini ilivyopangwa na glibc ya zamani, na kuanzia siku hiyo hutafutwa kwa kanuni ya glibc mpya.

Turudi kwenye jedwali la mitaa na tutazame sehemu ndogo ya faharasa yake, majina manne yaliyokaa jirani. Kwa kanuni ya zamani, kidokezo cha Lang'ata kinarukwa, jina linasomwa kama Langata, na orodha inakuwa Lamu, Langas, Lang'ata, Langobaya. Hivyo ndivyo ilivyoandikwa diskini.

Sasa karani anatafuta Lang'ata kwa kanuni mpya. Utafutaji unafika kwenye Langas na kuuliza: ninachokitafuta kiko kabla au baada? Herufi nne za mwanzo zinalingana. Ya tano, Langas ina a na Lang'ata ina kidokezo, na kidokezo sasa kinatangulia herufi zote. Jibu ni kabla. Utafutaji unageukia upande wa Lamu, unakuta kwamba kati ya Lamu na Langas hakuna kitu, na unarudi na jibu kuwa jina halimo. Lang'ata yenyewe iko hatua moja tu upande wa pili, na hakuna atakayeitazama.

Sharti la upekee nalo linaanguka hapo hapo. PostgreSQL hulilinda kwa kutumia faharasa hiyohiyo: kabla ya kuingiza jina jipya, hulitafuta, na kama halipo huliingiza. Imetafuta, haikuona, kwa hiyo Lang'ata ya pili inaandikwa kati ya Lamu na Langas, mahali panapostahili kwa kanuni mpya. Kuanzia hapo, kila utafutaji kwa faharasa utaileta hii mpya, na ile ya zamani, yenye vifurushi vyote vya miaka iliyopita, haitaonekana.

Haijafutwa, na hilo ni muhimu kwa fundi aliyeshikwa na hofu. Rekodi zote zimo kwenye jedwali. Kilichovunjika ni njia ya kuzifikia. Ndiyo maana dalili huwa za kutatanisha: swali linaloipitia faharasa halileti kitu, na swali lingine linalosoma jedwali lote kuanzia mwanzo linaileta rekodi ileile. Mtu akipata majibu mawili tofauti kwa swali moja, yapo mambo machache ya kushuku, na hili ni mojawapo la kwanza.

Si kila faharasa inayoathirika. Zenye namba na tarehe ziko salama, na zile za maneno zilizowekewa kanuni ya `C` pia, kwa kuwa `C` hulinganisha baiti kwa baiti bila kuiuliza glibc chochote. Hata kwenye safu za maneno, majina yasiyo na alama mara nyingi hayaonyeshi kasoro yoyote, na hapo ndipo hatari ilipo. Seva inaweza kufanya kazi kwa majuma mengi ikitoa majibu sahihi, huku Lang'ata, Murang'a na namba za bidhaa zenye kistari zikipotea moja moja.

Kuna njia ya kuthibitisha bila kukisia. PostgreSQL huja na kiambatisho kiitwacho `amcheck`, ambacho huipitia faharasa na kuangalia kama kila jina kweli linafuata lililo kabla yake kwa kanuni ya sasa.

```
CREATE EXTENSION amcheck;
SELECT bt_index_check('mitaa_jina_key', true);
```

Faharasa iliyoharibika hujibu kwa kosa linaloanza na maneno `item order invariant violated`. Kuanzia PostgreSQL 15, kanzidata pia huhifadhi toleo la kanuni iliyoundwa nayo, na mtu anapounganishwa huonywa kuwa matoleo hayalingani. Onyo hilo lilichelewa mno kwa waliohama miaka ya 2019 na 2020, lakini leo halina budi kusomwa, na kuchukuliwa kwa uzito.

Tiba ni kuzijenga faharasa upya kwa amri ya `REINDEX`. Lakini anayeikimbilia moja kwa moja huenda akakataliwa:

```
ERROR:  could not create unique index "mitaa_jina_key"
DETAIL:  Key (jina)=(Lang'ata) is duplicated.
```

Kanzidata inakataa kwa haki: haiwezi kujenga faharasa ya upekee juu ya majina yaliyojirudia. Kwa hiyo kazi huanza kwa kuzuia uandishi, ili pacha wasizidi kuzaliwa, na kuchukua nakala rudufu. Kisha pacha hutafutwa kwa kuilazimisha kanzidata isome jedwali lenyewe na kuiacha faharasa:

```
SET enable_indexscan = off;
SET enable_indexonlyscan = off;
SET enable_bitmapscan = off;
SELECT jina, count(*) FROM mitaa
GROUP BY jina HAVING count(*) > 1;
```

Hapa ndipo penye jasho, na hakuna amri inayomwondolea mtu. Lang'ata ya zamani ina namba 14, tuseme, na ya pili ina namba 902. Vifurushi vinavyoelekeza kwa 902 lazima vihamishiwe 14 kwanza, ndipo 902 ifutwe. Kama mmoja wa pacha ana bei au anwani iliyosahihishwa karibuni, ni mwenye biashara anayejua ipi ni ya kweli. Fundi asiamue peke yake. Faharasa ya jedwali la vifurushi nayo ikiwa juu ya safu ya maneno, ijengwe kwanza, la sivyo kuhamisha kwenyewe kutaacha baadhi nyuma.

Pacha wakishaondoka, `REINDEX DATABASE` hujenga kila kitu upya. Tangu PostgreSQL 12 mtu anaweza kuongeza `CONCURRENTLY` ili uandishi usisimame, ingawa huchukua muda mrefu zaidi na nafasi ya ziada diskini. Mwisho kabisa hutolewa `ALTER DATABASE ... REFRESH COLLATION VERSION`. Amri hii haitengenezi kitu. Inabadilisha tu namba ya toleo iliyoandikwa. Wapo wanaoitoa mwanzoni ili onyo liondoke. Onyo huondoka kweli, na faharasa mbovu hubaki.

Mtego mmoja hauhusu kupandisha seva yoyote. Fundi huweka seva ya pili yenye mfumo endeshi mpya ili ifuate seva kuu ya zamani, akikusudia kuhamia huko taratibu. Nakala ya aina hii hunakili faharasa baiti kwa baiti, kwa hiyo seva ya pili hupokea mpangilio wa zamani na kuusoma kwa kanuni mpya tangu dakika ya kwanza. Anayehamisha data kwa `pg_dump` na kuirejesha upande wa pili hakutani na hili, kwa sababu faharasa hujengwa upya huko huko.

Na majedwali yaliyogawanywa vipande kwa mipaka ya maneno, tuseme A hadi K huku na L hadi Z kule, hayaponi kwa `REINDEX`. Rekodi iliyoanza kwa alama inaweza kujikuta katika kipande ambacho, kwa kanuni mpya, si chake. Hiyo lazima itolewe hapo ilipo na kuingizwa tena kupitia jedwali mama, ili ipangwe upya.