Chozi Linalopotea Shavuni

Mwigizaji mbadala amekimbia kwenye mvua, kisha kompyuta inaweka uso wa nyota wa filamu, kwa ridhaa yake, juu ya uso wa mbadala huyo. Sura imekubali, ila chozi linakatika katikati ya shavu na kuibuka tena kidevuni. Programu imejifunza zaidi ngozi kavu, kwa hiyo tone linalohama kila fremu hulisawazisha kama doa.

Wengi hulizungushia tone barakoa ili libaki lile la asili. Kwa chozi jembamba siipendi njia hiyo, kwa sababu maji huonyesha ngozi iliyo nyuma yake, na rangi ya mbadala huja nalo kama kiraka.

Afadhali kuchukua mng'ao peke yake. Fundi hutoa nakala iliyofifishwa kutoka kwenye picha ya awali, anabaki na vimeto na vivuli vyembamba, kisha anavijumlisha juu ya uso mpya. Halafu anapitia fremu moja moja: kimeto kisicheze, wala chozi lisikatize mkunjo wa shavu. Likikatiza, mkondo wake hupindwa ufuate shavu jipya.