Namba ya Paleti na Mahali pa Kubandika Lebo Yake

Katoni ya sabuni inayotoka kiwandani hubeba msimbopau unaotaja aina ya bidhaa: sabuni ya chapa fulani, ya uzito fulani, vipande kadhaa ndani ya katoni moja. Katoni elfu moja za aina hiyo huwa na namba ileile, yenye tarakimu 14. Namba hiyo humtosha mwenye ghala anayetaka kujua ana katoni ngapi, lakini haimwambii paleti ipi iliingia leo asubuhi, ipi imetoka jana, wala ipi ndiyo iliyopotea njiani. Kwa kazi hiyo mfumo wa kimataifa wa GS1 umeweka namba ya pili, inayoitwa kwa kifupi SSCC. Hii ni namba ya mzigo mmoja mahususi, na mzigo wa jirani yake, hata ukiwa na bidhaa zilezile kwa idadi ileile, hupewa namba nyingine.

SSCC ina tarakimu 18, nazo hugawanyika katika mafungu manne. Tarakimu ya kwanza ni ya nyongeza; kampuni huichagua yenyewe, kuanzia 0 hadi 9, ili kupanua idadi ya namba inazoweza kutoa. Hufuata namba ya kampuni, ambayo hutolewa na tawi la GS1 la nchi. Namba zinazotolewa na tawi la Kenya huanza na 616, na za Tanzania huanza na 620. Tarakimu hizo huonyesha tawi ambako kampuni ilisajiliwa, wala si ushahidi kwamba bidhaa ilitengenezwa katika nchi hiyo. Fungu la tatu ni namba ya mfululizo ambayo kampuni huupa kila mzigo. Namba ya kampuni na namba ya mfululizo kwa pamoja hujaza nafasi 16, kwa hiyo kampuni yenye namba fupi hubaki na nafasi nyingi zaidi za mfululizo. Ya mwisho ni tarakimu ya ukaguzi, inayopatikana kwa hesabu ya zile 17 zilizotangulia.

Mfano mmoja utaonyesha hesabu hiyo. GS1 imetenga namba zinazoanza na 952 kwa ajili ya mafunzo, basi tuchukue kampuni ya mfano yenye namba 9521234. Imechagua 3 kuwa tarakimu ya nyongeza, na paleti inayofungwa sasa ni ya 417 katika mfululizo wake. Tarakimu 17 za kwanza zitakuwa hivi:

```
3 9521234 000000417
```

Kuanzia kushoto, tarakimu za nafasi ya 1, ya 3, ya 5 na kuendelea hivyo hadi ya 17 hujumlishwa: jumla yake ni 23, nayo huzidishwa kwa 3 kupata 69. Tarakimu za nafasi zilizobaki hujumlishwa bila kuzidishwa, na jumla yake ni 18. Kwa pamoja ni 87. Ili kufikia 90, ambayo ndiyo namba ya juu iliyo karibu zaidi inayogawanyika kwa 10, inahitajika 3. Hiyo ndiyo tarakimu ya ukaguzi. Chini ya mistari ya lebo itasomeka hivi:

```
(00)395212340000004173
```

Sifuri mbili za mwanzo si sehemu ya namba ya mzigo. Zinaiambia skana kwamba tarakimu 18 zinazofuata ni SSCC. Mabano yamewekwa kwa ajili ya macho ya msomaji tu, hayamo ndani ya mistari. Mfanyakazi akiichapa namba hii kwa mkono na kukosea tarakimu moja, hesabu haitakubali na kompyuta itaikataa papo hapo.

Namba yenyewe haisemi ndani ya paleti mna nini. Taarifa hizo hutangulia kwa njia ya kielektroniki: mzigo unapoondoka, msafirishaji humtumia mpokeaji taarifa inayoeleza kwamba paleti yenye namba hiyo ina katoni 60 za sabuni fulani, za toleo fulani, zenye tarehe fulani ya mwisho wa matumizi. Lori likifika, mpokeaji huisoma lebo mara moja na orodha yote hufunguka kwenye skrini. Taarifa isipofika, au ikifika baada ya lori, watu hurudi kuhesabu katoni mojamoja.

Anayeutengeneza mzigo ndiye anayeupa namba, na namba hiyo husafiri na mzigo kupitia maghala na malori yote maadamu haujavunjwa. Paleti ikifunguliwa na katoni zake kupangwa upya na nyingine, SSCC ya zamani hukoma na mzigo mpya hupata namba mpya. Namba iliyokwisha kutumika haitakiwi kurudiwa kabla ya mwaka mmoja kupita tangu mzigo uliposafirishwa.

Lebo ya paleti kwa kawaida huwa ya ukubwa wa A6 au A5. Maandishi ya kusomwa na watu huwa juu, na msimbopau wa SSCC hukaa chini kabisa. Mistari yake husimama wima, na urefu wake usipungue milimita 31.75. Pande zote mbili za mistari huachwa nafasi nyeupe, kwa sababu skana huitumia kutambua msimbo unapoanzia na unapoishia.

Mahali pa kubandika pana vipimo vyake. Kwenye paleti, msimbopau huwa kati ya milimita 400 na 800 kutoka chini ya paleti, na usiikaribie kona kwa chini ya milimita 50. Paleti fupi isiyofika milimita 400 hubandikwa juu kadiri inavyowezekana. Kwenye katoni, ukingo wa chini wa mistari huwa milimita 32 kutoka kitako cha katoni, na msimbo wote, pamoja na nafasi zake nyeupe, hukaa angalau milimita 19 kutoka kona. Kwa paleti inashauriwa kubandika lebo mbili zenye namba ileile kwenye pande mbili zinazopakana, ili dereva wa foklifti aweze kusoma moja bila kuuzungusha mzigo.

Lebo hubandikwa kwenye mzigo wenyewe. Ikipigiliwa kwenye mbao za paleti, itabaki pale bidhaa zitakaposhushwa, na safari inayofuata paleti hiyohiyo itaonekana kama mzigo wa zamani. Ikifunikwa na tabaka nyingi za plastiki ya kufungia, mwanga huakisiwa na mikunjo huvuruga mistari. Kwa hiyo hubandikwa juu ya plastiki, baada ya kufunga. Ikikunjwa kwenye kona, skana huona nusu tu ya msimbo.

Kasoro nyingine hutoka kwenye printa. Kichwa cha printa ya joto kina nukta ndogondogo zinazounguza karatasi, na nukta moja ikifa huacha mstari mweupe mwembamba unaofuata mwelekeo wa karatasi inapotoka. Mistari ya msimbo ikiwa imeelekea upande huohuo, ule mweupe unaweza kupunguza upana wa mstari mmoja mweusi kuanzia juu hadi chini, na msimbo ukakataa kusomeka ingawa kwa macho unaonekana mzima. Dalili yake ni kwamba mstari huo mweupe hujirudia mahali palepale kwenye kila lebo. Kichwa husafishwa kwanza, na kama mstari bado upo, hubadilishwa.