Umemnyima kazi, usimnyime jibu

Masasi na Newala, korosho zinapoanza kukusanywa, vyama vya msingi vya ushirika, AMCOS, hutafuta watu wa msimu: makarani, wapimaji, walinzi wa ghala. Minada ya MAMCU na TANECU huanza Oktoba, na ajira yenyewe ni ya miezi michache. Kwa hiyo aliyefanya usaili akaambiwa "tutakupigia" hana muda wa kusubiri. Akikataa kibarua cha kuokota korosho kwa kutegemea simu hiyo, msimu unampita.

Tuchukue mfano wa chama kilichowaita watano kwa nafasi moja ya karani wa mizani. Aliyeshinda aambiwe kwanza, na akubali. Akishasaini, wanne waliobaki wajulishwe siku hiyohiyo, kwa sababu Newala ni mji mdogo, na habari ikishafika kijiwe cha bodaboda haingoji barua. Kusikia kwa jirani kwamba umekosa kunauma kuliko kukosa kwenyewe.

Mimi hupendelea ujumbe mfupi kuliko simu. Simu humkuta mtu sokoni au mbele ya wakwe, akalazimika kujikaza. Ujumbe huu unaenea katika SMS moja ya herufi 160:

"Habari za leo dada, ni meneja wa AMCOS. Nafasi ya karani wa mizani ameipata mwombaji mwingine. Ahsante kwa kuja kwenye usaili. Vyeti vyako viko ofisini."

Jibu limekuja mapema, kwenye sentensi ya pili. Hakuna "tumevutiwa sana na sifa zako", maneno ambayo wote wanne wangeyapata na jioni wakayalinganisha. Hakuna pia "usisite kuomba tena", maana chama hakijui kama mwakani kitaajiri.

Aliyeshika nafasi ya pili ndiye huwatatiza wengi. Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma ina kanzidata ya waliofaulu usaili wakakosa nafasi, na jina hukaa humo kwa muda maalumu. Chama cha msingi hakina utaratibu huo, lakini kinaweza kusema ukweli wenye ukomo: "Wewe ni wa akiba hadi Ijumaa. Aliyechaguliwa asiporipoti, tutakupigia. Ijumaa ikipita bila simu, usitusubiri." Wasioandikwa kwenye akiba wasiambiwe habari za akiba. Ukiona mtu anapita ofisini kila Jumatatu kuulizia, basi ujumbe wako ulimwachia tumaini usilokuwa nalo.

Sababu usiitoe bila kuulizwa. Akiuliza, fungua fomu ya alama za usaili umtajie jambo moja analoweza kulirekebisha: "Kwenye jaribio la kujaza stakabadhi, kilo ulizoandika hazikulingana na za mizani." Kama fomu haina alama na mliamua kwa kujuana, hapo hakuna ujumbe wa kuandika vizuri, usaili wenyewe ndio wa kurudiwa.