Kupasha Kiporo cha Piza: Kikaango Chenye Mfuniko au Oveni

Piza iliyolala kwenye jokofu hupoteza utamu wake juu na chini, na kila upande una sababu yake. Chini, mkate uliokuwa mkavu ulipotoka jikoni hunywa unyevu wa sosi ya nyanya na ule uliobaki ndani yake wenyewe. Wanga wa unga wa ngano nao, ambao ulivimba na kulainika wakati wa kuoka, hujipanga upya na kukaza unapopoa. Baridi ya jokofu huharakisha mkazo huo, na ndiyo maana kipande cha jana hutafunika kama ngozi ilhali hakijakauka. Juu, mafuta ya jibini yameganda na jibini yenyewe imekuwa tabaka gumu lisilovutika.

Joto hurekebisha karibu yote hayo, ila si kwa kiwango kimoja. Wanga uliokaza hulegea tena ukifika nyuzi 60 hivi za Selsiasi, na mozarela, jibini inayotumika zaidi kwenye piza, huyeyuka vizuri joto likizidi hapo kidogo. Sehemu ya chini inadai zaidi. Ili irudie ukavu wake, maji iliyoyanywa lazima yageuke mvuke na kutoka, kwa hiyo uso wake unapaswa kupita nyuzi 100. Kazi yenyewe, basi, ni kupeleka joto kali na kavu chini, na joto la wastani juu. Maikrowevu hushindwa hapo hapo: huchemsha maji yaliyo ndani ya mkate, mvuke hukwama chini ya kipande, na mkate hulowa kisha hukakamaa mara tu unapopoa.

Kikaango chenye mfuniko hufanya kazi hizo mbili kwa zamu. Kinachofaa zaidi ni kikaango kizito cha chuma, kwa sababu hutunza joto na kulisambaza bila kuunguza sehemu moja. Tawa la chapati linafaa vilevile likipata mfuniko wa sufuria unaolitosha. Kikaango kisichogandisha nacho kinakubalika, mradi kisiachwe kitupu juu ya moto mkali, maana utando wake huharibika.

Tuseme kuna vipande viwili vya piza nyembamba yenye mozarela, vimetoka jokofuni. Kikaango huwekwa kwenye moto wa wastani unaoelekea kuwa mdogo kwa dakika moja, kisha vipande hupangwa bila kupandana. Mafuta hayahitajiki, kwa kuwa jibini na mkate vina mafuta ya kutosha. Kwa dakika mbili au tatu za mwanzo mfuniko hauwekwi. Huu ndio wakati wa kukausha: chuma hugusana na mkate moja kwa moja, na mvuke unaotoka hupata njia ya kwenda zake. Wapishi wengi huharakisha hatua hii, na hapo ndipo kiporo huharibika. Mfuniko ukiwekwa mapema, mvuke wa mkate hurudi kwenye mkate. Dalili ya kwamba hatua imekamilika ni mlio mwembamba wa kukaanga, na ukingo wa kipande ukiinuliwa kwa mwiko, chini huonekana pakavu pakiwa na madoa ya kahawia, wala kipande hakilegei na kuning'inia.

Kisha huja zamu ya jibini. Matone machache ya maji, yasiyozidi nusu kijiko cha chai, hudondoshwa pembeni mwa kikaango mbali na vipande, na mfuniko hufungwa papo hapo. Maji hugeuka mvuke, na mvuke huo unapokutana na jibini ambayo bado ni baridi hurudi kuwa maji na kuiachia joto lake lote. Hii ni njia ya haraka kuliko hewa ya moto pekee, kwa sababu mvuke hubeba joto jingi mno. Dakika moja au mbili zinatosha. Mfuniko wa kioo unasaidia, kwani jibini inaonekana inapoanza kung'aa na kutulia bila mtu kufunua. Mfuniko uliobinuka ni bora kuliko ule bapa: maji yanayokusanyika juu yake huteremka kando badala ya kudondokea piza. Maji yakizidi, dakika zile tatu za kukausha zimepotea bure.

Chini kukiungua kabla jibini haijayeyuka, moto ulikuwa mkali. Dawa ni kuupunguza, wala si kuongeza maji. Kwenye jiko la mkaa, ambako moto haupunguzwi kwa kitasa, makaa kadhaa huondolewa au hufunikwa majivu kabla ya kikaango kupanda. Jambo la mwisho husahaulika mara nyingi: kipande cha moto kikiwekwa kwenye sahani baridi, mvuke wake hunaswa chini na mkate hulowa upya. Ubao wa kukatia au wavu wa chuma huuokoa.

Oveni huenda kwa njia nyingine. Joto lake kubwa huja kwa hewa, na hewa haipitishi joto kwa wepesi wa chuma. Ndiyo sababu piza iliyowekwa juu ya trei baridi hutoka ikiwa na jibini iliyochemka na mkate ulio laini. Trei inapaswa kupashwa pamoja na oveni hadi nyuzi 200, na vipande viwekwe juu yake ikiwa tayari moto. Kwa piza nyembamba, dakika tano hadi nane zinatosha. Hata hivyo oveni yenyewe huchukua dakika 10 au zaidi kupata moto, na hewa yake kavu hukausha ukingo wa mkate na kuifanya jibini itoe mafuta ikicheleweshwa kidogo.

Ipo njia ya oveni iliyo ya taratibu na yenye matokeo mazuri zaidi. Vipande hupangwa kwenye trei, hufunikwa vizuri kwa karatasi ya alumini, na trei huingizwa kwenye ngazi ya chini kabisa ya oveni ambayo bado ni baridi. Oveni huwashwa kwa nyuzi 135 na kuachwa dakika 25 hadi 30. Karatasi huzuia juu pasikauke, na trei iliyo karibu na chanzo cha joto hukausha chini polepole. Kwa piza nene, ambayo kikaangoni huungua chini wakati katikati bado ni baridi, au kwa familia yenye vipande sita au vinane vya kuliwa pamoja, njia hii ndiyo ya kuchagua.

Hakuna njia kati ya hizi inayoweza kuokoa piza iliyohifadhiwa vibaya. Baadhi ya bakteria huacha sumu isiyoharibiwa na moto wa kupashia. Piza isikae nje ya jokofu zaidi ya saa mbili, na mahali penye joto la zaidi ya nyuzi 32, hali ya kawaida Mombasa au Dar es Salaam wakati wa kaskazi, isizidi saa moja. Jokofuni ikae siku tatu au nne, na inapopashwa, katikati ya kipande pafike nyuzi 74.

Kwa mtu mmoja au wawili wenye vipande vyembamba, kikaango chenye mfuniko kinaishinda oveni: kinamaliza kazi kabla oveni haijapata moto, na mkate wake unakuwa mkavu zaidi.